Kiatu mstarini, mpira umeingia, faulo imeitwa: ni pointi ngapi?

"Shikamoo mwalimu. Huwa naandika pointi kwenye mechi za mpira wa kikapu za timu ya mdogo wangu. Juzi tulikuwa nyuma 61 kwa 58, zimebaki sekunde 9. Mchezaji wetu akarusha kutoka pale mstari wa pointi tatu, akapigwa mkono, mpira ukaingia. Refa akatoa pointi 2 na mtupo huru mmoja, eti kiatu kilikuwa kwenye mstari. Mtupo ukaingia, tukawa 61 kwa 61, tukafungwa kwenye muda wa nyongeza. Mimi najua faulo kwenye pointi tatu ni mitupo mitatu, kwa hiyo tulistahili 3 na 3. Halafu dakika chache kabla ya hapo mpinzani alishikwa katikati ya uwanja akidunda mpira tu, akapewa mitupo miwili! Asiyerusha anapewaje miwili, na aliyerusha apewe mmoja?"

Marahaba, mwanangu. Nikupe jibu kwanza, sababu zitafuata. Kama kiatu kiligusa mstari, pointi 2 na mtupo mmoja ndiyo hesabu sahihi. Kama hakikugusa, mlistahili pointi 3 na mtupo mmoja, na kwa kuwa mtupo uliingia mngekuwa mbele 62 kwa 61. Zile 3 na 3 ulizopiga hesabu hazipo katika kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, ambazo ndizo mashindano mengi hufuata, wala hazipo NBA, ligi ya Marekani. Mpira wa pointi tatu uliokwisha kuingia hauleti mitupo mitatu. Kwa hiyo katika hadithi yako kuna pointi moja tu ya kubishania, nayo iko chini ya soli ya kiatu.

Najua imekuuma, maana pointi hiyo moja ingewapa uongozi zikiwa zimebaki sekunde 9. Lakini ukielewa mitupo huru inafidia nini, hutahitaji tena kukariri idadi yake.

Mtupo huru haulipii maumivu. Mrushaji aliyeguswa kidogo kwenye kiwiko na yule aliyebwagwa chini wanapata mitupo sawa, ikiwa zote ni faulo za kawaida. Kinachofidiwa ni nafasi ya kufunga aliyonyang'anywa. Mtu alikuwa anarusha mpira wenye thamani ya pointi 2, mlinzi akamvuruga, mpira ukakosa. Nafasi ya pointi 2 imepotea kwa kosa la mwingine, basi anarudishiwa mitupo miwili, kila mmoja una pointi 1. Akivurugwa akiwa nyuma ya mstari wa pointi tatu na mpira ukakosa, iliyopotea ni nafasi ya pointi 3, anarudishiwa mitupo mitatu. Sasa mpira ukiingia licha ya kuvurugwa, hakuna nafasi iliyopotea. Pointi zake anazo tayari, ziwe 2 au 3. Unaobaki ni mtupo mmoja, kwa sababu mlinzi hawezi kufanya faulo bila kulipa chochote. Ndiyo maana mpira ulioingia huleta mtupo mmoja tu, umetoka mbali au karibu. Mrushaji mmoja hawezi kupata zaidi ya pointi 4 kwa faulo ya namna hiyo.

Hata NBA hawakufika hapo siku moja. Mstari wa pointi tatu walianza kuutumia msimu wa 1979–80, lakini kwa miaka mingi mtu aliyefanyiwa faulo akirusha pointi tatu na kukosa alipewa mitupo miwili tu. Mlinzi aliyeona mrushaji anaelekea kufunga alikuwa na faida ya kumgonga, kwa kuwa aligeuza pointi 3 kuwa zisizozidi 2. Mtupo wa tatu uliongezwa msimu wa 1994–95. Nakusimulia hili kwa sababu wapo wazee wa mchezo huu watakaokuapia kwamba ni miwili. Nao wanakumbuka vizuri, ila wanakumbuka kanuni iliyokwisha kufutwa.

Turudi kwenye kiatu. Katika kanuni za FIBA upinde wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka usawa wa katikati ya pete, na pembeni mstari unanyooka sentimita 90 kutoka mstari wa pembeni wa uwanja. Umbali huo unapimwa hadi ukingo wa nje wa mstari. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Mstari wenyewe, upana wake sentimita 5, ni sehemu ya eneo la pointi mbili. Mrushaji lazima miguu yote iwe nyuma kabisa, bila kiatu kugusa mstari. Ncha ya kidole kikubwa ikilalia rangi, ni pointi 2, hata kama kisigino kiko mbali huko nyuma.

Kinachotazamwa ni mahali mguu ulipogusa sakafu mara ya mwisho kabla ya kuruka. Ukiruka ukiwa nyuma ya mstari, ukaachia mpira ukiwa hewani na kutua ndani, ni pointi 3. Mtu aliyeko hewani bado anahesabiwa yuko pale alipoondokea. Mara nyingi nimesikia benchi zima likipiga kelele "alikanyaga!" kwa sababu waliona alipotua. Refa mzuri anakuwa ameshatazama miguu kabla haijainuka, kisha ndipo anapandisha macho kwenye mikono. Wewe uliyekaa mezani hukuwa na pembe ya kuona kiatu kile vizuri, na mimi sikuwepo kabisa. Kwa hiyo siwezi kukwambia refa aliona sawa. Naweza kukwambia tu kwamba kama aliona hivyo, alitoa adhabu inayostahili.

Kuna swali la pili ambalo refa alilijibu kimoyomoyo kabla ya kutoa chochote, nalo ndilo gumu kuliko la kiatu: je, mchezaji wenu alikuwa ameshaanza kurusha alipopigwa mkono? Faulo ikitokea kabla hajaanza kurusha, mpira hata ukiingia hauhesabiwi, na hakuna mtupo wa mrushaji. Kwa mpira unaorushwa na mtu aliyesimama, kitendo cha kurusha huanza pale mchezaji anapoanza kuuinua mpira kuelekea kikapu cha wapinzani. Huisha mpira unapotoka mikononi, na kama aliruka, huisha miguu yote miwili inaporudi sakafuni. Hiyo sehemu ya mwisho ni muhimu. Mlinzi anayejitupa chini ya mrushaji ambaye ameshaachia mpira lakini bado yuko hewani, amemfanyia faulo mrushaji. Ukikosa mpira wa aina hiyo kutoka nje ya upinde, ni mitupo mitatu, ingawa mkono haukuguswa kabisa.

Kwa mchezaji anayekwenda kasi kuelekea kikapuni, kitendo huanza mapema zaidi: pale anapomaliza kudunda, mpira umetulia mikononi, na ameanza mwendo wa kurusha. Akishikwa katika hatua zile za mwisho, akaendelea na mwendo uleule na kufunga, kikapu kinahesabiwa na anapata mtupo mmoja. Lakini kipenga kikilia, yeye akasimama, kisha akaanza upya kurusha, hicho ni kitendo kipya na hakihesabiwi. Na akiguswa akiwa ameanza kurusha, halafu badala ya kurusha akampa mwenzake pasi, kanuni za FIBA zinamchukulia kama mtu ambaye hakuwa anarusha. Vijana wengi hupoteza mitupo miwili hivyo: wanasikia mguso, wanashtuka, wanatoa pasi.

Mfano maarufu wa ugumu huu ni wa tarehe 5 Juni 1999, fainali ya kanda ya Mashariki ya NBA, mechi ya tatu. New York Knicks walikuwa nyuma ya Indiana Pacers 91 kwa 88, muda unayoyoma. Larry Johnson akapokea mpira nje ya upinde, Antonio Davis akamgusa, kipenga kikalia, Johnson akarusha na mpira ukaingia. Refa akahesabu kikapu: pointi 3, 91 kwa 91. Johnson akaenda kwenye mstari wa mtupo huru, akafunga, 92 kwa 91, na mechi ikaisha hivyo. Ni hali ileile ya mchezaji wenu, tofauti ni kiatu tu. Hadi leo watu hubishana kuhusu mechi ile, na ubishi wao hauhusu mtupo mmoja au mitatu. Wanabishana kama Johnson alikuwa ameanza kurusha alipoguswa, au aliguswa kwanza ndipo akainuka. Kama faulo ilikuja kabla, kikapu kilikuwa kifutwe, na Pacers wangebaki mbele kwa 3.

Sasa yule mpinzani aliyeshikwa akidunda. Hapa umechanganya vitabu viwili vya hesabu, na si wewe peke yako. Mitupo yake haikutokana na kurusha. Ilitokana na idadi ya faulo ambazo timu yenu ilikuwa imefanya katika kota ile. FIBA huruhusu kila timu faulo 4 kwa kota. Katika hizo 4, ukimfanyia faulo mtu asiyerusha, timu yake inapewa mpira itie uwanjani kutoka pembeni, basi. Kuanzia ya 5, kila faulo ya kawaida kwa mtu asiyerusha ni mitupo miwili. Idadi hiyo haibadiliki kwa mahali: awe katikati ya uwanja au nyuma ya upinde, ni miwili tu. Bila shaka mlikuwa mmeshavuka 4. Kota mpya ikianza hesabu inarudi sifuri, isipokuwa muda wa nyongeza, ambao unaendeleza hesabu ya kota ya 4. Wengi hawalijui hili, na inawezekana liliwaumiza katika zile dakika za mwisho. Pia timu yenye mpira ikifanya faulo ya kushambulia, faulo hiyo inaingia kwenye hesabu yake lakini wapinzani hawapewi mitupo, wanapewa mpira.

Kwa hiyo asiyerusha alipata miwili kwa sababu mlikuwa mmemaliza akiba yenu, na mrushaji wenu alipata mmoja kwa sababu alikuwa ameshafunga. Ukijumlisha, mpinzani alipata nafasi ya pointi 2 zisizozidi. Wenu alipata 2 za uhakika na nafasi ya moja zaidi. Yeye ndiye aliyepata kingi.

Vitabu hivi viwili vinakutana katika hali mliyokuwa nayo hasa, mtu akiongoza kwa 3 sekunde za mwisho. Makocha wengi huwaambia wachezaji wao wamfanyie mpinzani faulo mapema, kabla hajainua mpira. Hesabu yao ni hii: timu ikiwa imeshapita faulo 4, faulo kwa mtu anayedunda inampa mitupo miwili, na hata akifunga yote bado yuko nyuma kwa 1. Hawezi kusawazisha kwa mitupo peke yake. Lakini mlinzi akichelewa nukta moja na mpira ukawa umeanza kupanda kutoka nyuma ya upinde, ile miwili inakuwa mitatu, na mitatu inasawazisha. Mchezaji anayefunga mitupo huru 7 kati ya 10 anatarajiwa kupata wastani wa pointi 2.1 katika mitatu. Akiwa anafunga 35 kati ya 100 anaporusha kutoka nje bila kuguswa, wastani wake ni pointi 1.05 tu. Yaani mlinzi aliyemgonga amempa mara mbili ya alichokuwa nacho. Naamini wapinzani wenu walikuwa wanajaribu hilo, au mlinzi wao alikurupuka. Vyovyote iwavyo, aliponea kwa kiatu.

Neno moja kuhusu kengele, kwa kuwa unakaa mezani. Faulo ikitokea mpira ukiwa bado mikononi mwa mrushaji, kisha kengele ya mwisho wa kota ikalia kabla hajauachia, kikapu hata kikiingia hakihesabiwi. Mitupo yake haipotei: anapewa miwili au mitatu kulingana na alipokuwa, kana kwamba amekosa. Usiandike kikapu kwa sababu tu umeona wavu ukicheza.

Na usihesabu mwenyewe kwa macho. Msome refa, kwa kuwa kila kitu anakionyesha kwa mikono. Mtu anaporusha kutoka nje ya upinde, refa huinua mkono mmoja wenye vidole vitatu. Mpira ukiingia huinua yote miwili. Usipouona mkono huo, ameshaamua ni pointi 2 kabla ya faulo na kabla ya kelele. Faulo ikiitwa huinua ngumi. Baada ya ngumi, akionyesha kidole kimoja, viwili au vitatu, hiyo ni mitupo ya mrushaji. Akielekeza mkono sakafuni, anasema faulo ilitokea kabla ya kurusha. Katika tukio lenu, kama hakuinua vidole vitatu mpira ulipokuwa unaondoka, basi hakuligeuza jambo baadaye ili kuwabana. Kama aliviinua, kisha akatoa 2, kocha wako alikuwa na haki ya kumtuma nahodha kuuliza.

Ndiyo, nahodha, tena kwa adabu, mpira ukiwa umesimama na saa haitembei. Benchi likivamia uwanja litapewa faulo ya kiufundi, na hiyo kwa FIBA ni mtupo mmoja zaidi kwa wapinzani, ambao wanamchagua mtupaji wao yeyote. Nahodha angeuliza swali moja tu: "Ulimwona mstarini au nyuma?" Refa akishajibu mstarini, yameisha. Hayo ni maamuzi ya macho yake, na hayakatiwi rufaa. Kinachoweza kurekebishwa ni kitu kingine: mkipewa mitupo pungufu ya mnayostahili, mathalani mpira umekosa kutoka nje, refa mwenyewe amekubali ni nje, halafu mkapewa miwili. Hilo lisemwe papo hapo. Saa ikishaanza tena, mpira ukasimama kwa mara ya kwanza na kurudi mchezoni, mlango umefungwa. Kosa la kuandika, kama vile refa ameonyesha 3 na wewe ukaandika 2, lina muda mrefu zaidi: linarekebishwa hadi refa mkuu anapotia saini karatasi ya mchezo. Kwa hiyo kagua karatasi yako kabla ya kumpelekea kalamu.

Kabla ya mechi ijayo muulize msimamizi wa mashindano yenu wanafuata kanuni zipi, hasa kama kuna michezo ya watatu kwa watatu. Huko mpira wa ndani ya upinde una pointi 1 na wa nje pointi 2, na mrushaji aliyefanyiwa faulo akakosa anapata mtupo mmoja au miwili, kwa kuwa mantiki ni ileile na thamani ndiyo iliyopungua. Suala la mwendo wa kurusha, wapi unaanza na wapi umekatika, sitaweza kukufundisha kikamilifu kwa maandishi. Mtafute refa aliyefunzwa, muombe akae nawe kando ya uwanja wakati wa mazoezi, na kila mguso mjibu wote wawili kwa sauti kabla mpira haujafika kwenye pete: alikuwa anarusha au bado, miguu ilikuwa wapi. Mara nyingi mtatofautiana mwanzoni. Mwambie asimamishe mazoezi na akuonyeshe mguu wenyewe pale ulipo.